Jinamizi linanipata mbaamwezi tu, nikirudi kutoka dago. Mwezi una nini?

MvuviWaKojani, Ijumaa saa 4 usiku

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msinicheke, kwa sababu mke wangu sasa kaingia khofu na mie mwenyewe naogopa kulala.

Mie ni mvuvi wa dagaa. Kwetu Kojani, lakini msimu huu tuko dago, kambi ya wavuvi, huko Unguja. Kazi yetu ni ya giza. Mwezi ukiwa mdogo tunatoka na taa baada ya magharibi, tunarudi alfajiri. Mwezi ukikaribia kujaa, dagaa hawaifuati taa, kwa hivyo tunapumzika wiki nzima au zaidi kidogo na mie hupanda meli nikarudi kwa familia.

Sasa huku nyumbani ndiko linakonipata. Naamka naswali alfajiri, narudi kitandani, usingizi unanichukua. Baadae nafungua macho na jua limeshaingia dirishani. Naona chandarua, naona pazia, namsikia mke wangu anafagia uani. Niko macho kabisa, si ndoto. Lakini mkono hauinuki, mguu hauinuki. Halafu naona mtu mfupi, mweusi, kasimama mlangoni. Anakuja polepole mpaka ananikalia kifuani. Pumzi haivutiki. Nataka kusoma Ayatul Kursiy, ulimi mzito kama jiwe. Mara linaniachia, nakaa kitako nimerowa jasho.

Mbaamwezi uliopita limenipata mara tatu. Wiki za giza sijalipata hata mara moja. Mama anasema kuna kitu cha baharini kimenifuata na kina ahadi na mwezi. Nauliza wenye elimu: mwezi una nini?

BintiMchangani, Ijumaa saa 4:20 usiku

Pole kaka. Hiyo ni oksijeni. Ukilala chali ulimi unarudi nyuma unaziba njia ya pumzi, ubongo unakosa hewa, ndiyo unaona vitu. Lala ubavu, litaisha. Dada yangu lilikuwa linamkaba kila siku, alipoacha kulala chali likapungua.

BabaMkoani, Ijumaa saa 4:45 usiku

Mwanangu, usichelewe. Marehemu kaka yangu aliamka asubuhi upande mmoja hauinuki, tukasema atapoa, kumbe kiharusi. Nenda hospitali kesho asubuhi ukapimwe presha.

MvuviWaKojani, Ijumaa saa 5 usiku

Ahsante baba, Mungu amrehemu kaka yako. Lakini yangu ni mwili mzima, pande zote mbili, na ikiniachia nakuwa mzima, nabeba tenga la dagaa kama kawaida.

TabibuMtoni, Jumamosi saa 1 asubuhi

Wa alaykum salaam. Baba Mkoani kasema jambo la maana kwa ugonjwa mwingine. Kiharusi mara nyingi hushika upande mmoja, uso unapinda, maneno yanavurugika, na hakiondoki ghafla ndani ya dakika moja kila asubuhi. Hili la Mvuvi ni jinamizi lenyewe, lile walilolijua wazee wetu, na mwili una sababu yake.

Unapoota, macho yanacheza chini ya kope na ubongo unafanya kazi karibu kama mchana. Ungekuwa unaweza kusogea, ukiota unavuta nyavu ungempiga mkeo. Kwa hivyo shina la ubongo linapeleka amri kwenye uti wa mgongo kuifunga misuli. Inabaki wazi misuli ya macho na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao peke yake unatosha kukupa pumzi. Kwa kawaida ndoto ikikatika kufuli hilo hufunguka pamoja na akili. Kwako akili inatangulia kuamka na kufuli linachelewa, sekunde kadhaa mpaka dakika chache. Ndiyo maana unaona chandarua cha kweli na fagio unalolisikia ni la kweli.

Kuhusu kifua: misuli iliyo baina ya mbavu nayo imefungwa. Pumzi inakwenda, ila ndogondogo, kama ya mtu aliyelala. Wewe umeshaamka, una khofu, unaamuru kifua kivute pumzi kubwa na kifua hakitii. Hapo mtu yeyote atahisi amekaliwa. Mkeo amewahi kukuona katika hali hiyo?

MvuviWaKojani, Jumamosi saa 7 mchana

Nimemuuliza sasa hivi. Anasema mara moja aliingia kuchukua ndoo akanikuta macho nusu wazi yanachezacheza, nagunagunia ndani kwa ndani. Alidhani naota. Anasema pumzi ilikuwa inakwenda taratibu, sikuwa nahema. Aliponishika bega nikazinduka. Mie wakati huo nilikuwa nakata roho!

TabibuMtoni, Jumamosi saa 8 mchana

Shahidi mzuri kuliko sisi sote. Ndiyo maana sikubaliani na BintiMchangani kwenye oksijeni, ingawa kwenye kulala chali yuko sawa kabisa. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba jinamizi huwapata watu wakiwa chali kuliko mkao mwingine wowote. Sababu yake bado inajadiliwa. Anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini ana maradhi mengine, na hayo huzindua watu katikati ya ndoto, kwa hivyo yanaweza kulileta jinamizi. Lakini wengi wanaokabwa hawana tatizo hilo.

BintiMchangani, Jumamosi saa 8:30 mchana

Sawa daktari. Na yule mtu mfupi je? Dada yangu aliona bibi kizee. Kama ni misuli tu, huyo mtu anatoka wapi?

TabibuMtoni, Jumamosi saa 9 alasiri

Anatoka kwenye ndoto ambayo haijamaliza kuzimika. Wakati wa ndoto ile sehemu ya ubongo inayolinda na kushtuka huwa moto sana. Ukiamka nayo bado iko moto na mwili umefungwa, kitu cha kwanza unachokijua ni kwamba kuna hatari humu chumbani. Hujaona kitu bado, unajua tu kwamba kipo. Halafu macho yanatafuta, na kivuli chochote kinapata sura. Nilikuwa nakabwa nikiwa mwanafunzi, chumba cha watu wanne, wiki za mitihani. Mie nilikuwa nasikia mtu anaburuta ndara kwenye sakafu ya saruji. Sauti ile naikumbuka mpaka leo, na najua hapakuwa na mtu.

Si jambo la watu wachache. Mwaka 2011 watafiti wawili walikusanya tafiti nyingi pamoja, wakakuta karibu watu 8 katika kila 100 limewapata angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi ni 28 katika kila 100.

Mvuvi, mlangoni kwenu pana kitu gani?

MvuviWaKojani, Jumamosi saa 3 usiku

Nyuma ya mlango pana msumari, hapo natundika koti langu la mvua la baharini. Leusi.

Wallahi nimesisimka nikiandika hivi.

MamaKarafuu, Jumamosi saa 4 usiku

Wanangu, nimewasoma nikasema na mie niseme. Mie ni mtu wa Wete. Mwaka 1995, mwezi wa Ramadhani, Popobawa alipoingia Pemba, nilikuwa na mtoto mchanga. Hatukulala ndani. Kijiji kizima tulitandika mikeka nje, wanaume wakakoka moto, tukakesha. Jirani yangu alipiga kelele alfajiri kwamba kabanwa, hawezi kusema, na mengine ambayo sitoyaandika hapa. Watu wazima wenye akili zao. Sasa, tabibu, leo uniambie wote wale walikuwa na misuli imechelewa kufunguka?

TabibuMtoni, Jumapili saa 2 asubuhi

Shikamoo mama. La, sitokuambia hivyo. Wako walioandika kwamba Popobawa yote ni jinamizi basi, na mie naona wamekata mkato. Jinamizi linaeleza usiku wa mtu mmoja: kubanwa, kukosa sauti, kuhisi kuna aliyeingia. Halielezi kwa nini khabari ilihama kijiji mpaka kijiji na ikavuka mpaka Unguja, wala kwa nini mwaka ule, ambao ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi na nyoyo zilikuwa juu. Hayo ni ya watu na khofu yao, si ya uti wa mgongo.

Ila ulipotaja Ramadhani umenipa la kumjibu Mvuvi. Fikiri usingizi wa mwezi ule: tarawehe, kulala usiku mkubwa, kuamka daku, alfajiri, kisha kurudi kulala. Na mwaka ule juu yake mkakesha nje, kila sauti ikiwazindua. Usingizi uliokatwakatwa vile ndiyo shamba la jinamizi. Hiyo ni rai yangu, hakuna aliyekuwepo kupima.

MamaKarafuu, Jumapili saa 3 asubuhi

Marahaba mwanangu. Kwa hilo la daku sina la kukupinga. Jirani yangu alipatwa baada ya daku, kweli. Lakini mie bado nasema si kila kitu mnakijua.

MvuviWaKojani, Jumapili saa 1 usiku

Sasa tabibu, mwezi? Kwa nini wakati wa giza halinipati?

TabibuMtoni, Jumapili saa 3 usiku

Ukilala saa 4 usiku, masaa ya mwanzo ni ya usingizi mzito. Ndoto zinakuja kwa zamu, kila baada ya saa moja na nusu hivi, za mwanzo fupi, za mwisho ndefu. Kwa hivyo kuanzia saa 10 ya alfajiri usingizi wako umejaa ndoto. Hapo hapo wewe unaamka kuswali, unakaa macho, unarudi kulala. Ukirudi, mwili unaweza kudumbukia ndotoni moja kwa moja, na usingizi wenyewe ni mwepesi, jua na fagio vinakuzindua ukiwa katikati. Mwaka 1992 Wajapani walilifanya hili makusudi: waliwaamsha watu usiku, wakawaweka macho karibu saa nzima, wakawaacha walale tena. Baadhi yao jinamizi liliwakaba pale pale, na waya za kupimia kichwani.

Lakini sitaki uniamini kwa hilo tu. Chukua daftari. Kila ukilala, usiku au mchana, andika umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, ulirudi kulala au la, umeamka na mkao gani, na mwezi ukoje. Fanya giza moja na mbaamwezi moja. Usibadilishe kitu. Uje utueleze.

SalhaMwanafunzi, Jumatatu saa 11 jioni

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mie linanikaba karibu kila usiku, tena wakati naanza kulala, na naona watu chumbani kabla sijafumba macho vizuri. Niko skuli, na hata nikilala masaa tisa, kipindi cha pili nimeshalala juu ya dawati, walimu wanasema mvivu. Na kuna jambo jengine naona haya kulisema. Nikicheka sana magoti yanalegea. Wiki iliyopita nilidondosha sinia ya chai mbele ya wageni. Sizimii, nasikia kila kitu. Zahanati moja waliniambia kifafa, nyengine malaria, bibi kanipeleka kwa mganga.

TabibuMtoni, Jumatatu saa 2 usiku

Salha, umefanya vizuri kuingilia. Yako si kama ya Mvuvi, na usiyatibu kwa ushauri wa humu.

Usingizi wa mchana usioshindika kila siku hata umelala vya kutosha, na magoti kulegea kwa kicheko huku una akili zako, vikikutana na jinamizi la kila usiku, vinatia shaka ya maradhi yanayoitwa narkolepsi. Kufuli lile lile la ndotoni linafunga wakati mtu yuko macho, na kicheko ndicho kinachogusa. Wenye kulegea hivyo wengi wao wamepungukiwa na kemikali ya ubongo inayouweka macho. Si uvivu, na dawa za kulipunguza zipo. Kwa kifafa usinukuu kauli yangu: anayepaswa kulitoa au kulithibitisha ni daktari wa mishipa ya fahamu, akikusikiliza na kukupima.

Ukienda, usiseme "nakabwa na jinamizi" ukaishia hapo, watakurudisha nyumbani. Anza na magoti. Sema lini, ulikuwa unacheka nini, ilichukua sekunde ngapi, kama ulipoteza fahamu. Mtu akurikodi kwenye simu ikitokea. Omba rufaa. Kipimo chenyewe ni cha kulala maabara usiku na mchana wa pili, na huku kwetu hakiko karibu, lakini daktari anayejua anaweza kuanza na maelezo yako. Mpaka hapo usiogelee peke yako na usikae peke yako kwenye jiko la moto.

MamaKarafuu, Jumatatu saa 3 usiku

Salha mwanangu, mwambie mama yako anisome hapa. Mtoto hadondoshi sinia kwa uvivu.

*(Wiki nane baadae)*

MvuviWaKojani, Jumatano saa 3 usiku

Assalaam alaykum. Nimerudi na daftari. Nilipitisha giza moja na mbaamwezi moja, kisha nikaongeza giza la pili.

Giza la kwanza, dago: nalala saa 2 asubuhi mpaka saa 6 au saa 7 mchana, kwa mkupuo mmoja, ubavu, kwa sababu tunalala wengi juu ya turubai na hapana nafasi ya kujinyoosha. Jinamizi hakuna.

Mbaamwezi, nyumbani: limenipata mara nne. Zote nne baada ya kurudi kulala alfajiri. Zote chali. Tatu kati ya hizo ni siku nne za mwanzo nilizofika nyumbani. Nikaangalia na upande wa mwezi: siku mwezi ulipojaa hasa sikupatwa, kwa sababu asubuhi ile nilikwenda shamba na baba mara baada ya sala. Basi nikabadilisha. Nikawa sirudi kulala alfajiri, nalala mapema usiku, na mke wangu akanifungia kikoi kilichokunjwa mgongoni nisigeuke chali. Siku tano zilizobaki, hakuna.

Koti pia nililitoa mlangoni siku ya pili. Baada ya hapo lilinipata mara mbili na yule mtu sikumwona tena. Nilijua tu kwamba yupo, upande wa kichwani.

Sasa hili ndilo linanisumbua. Giza la pili, dago, lilinipata mara moja. Mchana, nimelala ubavu, sikuwa nimerudi kulala, na pale hapana mlango wala koti. Nilimsikia mama yangu ananiita kwa jina langu la utotoni, karibu na sikio. Mama yuko Kojani.

TabibuMtoni, Jumatano saa 4 usiku

Umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Usiku uliotangulia ulilala vipi?

MvuviWaKojani, Jumatano saa 4:15 usiku

Nyavu zilichanika, tukashona mchana kutwa. Masaa mawili tu katika siku mbili.

TabibuMtoni, Jumatano saa 4:40 usiku

Basi mwili ulikuwa unadai. Ukiunyima usingizi siku mbili, deni lake unalilipa pamoja na ndoto, na zinakuja kwa nguvu. Nadhani hata zile siku nne za mwanzo nyumbani ni deni la dago: masaa manne matano kwa siku, wiki mbili tatu mfululizo. Mwezi umekutana nayo tu kwa sababu ndio unaopanga likizo yako.

Ila ubavu haukukukinga, na hilo sina jibu lake. Unapunguza, hauzuii. Wala sijui kwa nini sauti ya mama na si ya nahodha.

Likikubana tena, usipigane nalo kwa mwili mzima. Misuli mikubwa haitii na khofu inazidi. Acha pumzi iende kama inavyokwenda, elekeza nia yote kwenye kidole kimoja cha mguu au ncha ya ulimi. Wengi wetu ndivyo tulivyotoka. Na mwambie mkeo akikusikia unaguna akushike bega bila kungoja.

BintiMchangani, Jumatano saa 5 usiku

Vidonge vya usingizi je? Dada yangu alinunua duka la dawa.

TabibuMtoni, Jumatano saa 5:10 usiku

Asivitumie kwa hili bila daktari. Na kama anatumia dawa yoyote ya msongo au huzuni, asiiache ghafla. Baadhi ya dawa hizo hukandamiza usingizi wa ndoto, na zikikatwa siku moja ndoto hurudi kwa fujo, pamoja na jinamizi.

MamaKarafuu, Alhamisi saa 1 asubuhi

Mvuvi, Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kulala ubavu wa kulia, na wewe umeufuata kwa kikoi. Soma na Ayatul Kursiy kabla ya kulala, usingoje ulimi ukishafungwa. Na mpigie simu mama yako, umwambie ulimsikia.

SalhaMwanafunzi, Alhamisi saa 10 alasiri

Nimepata rufaa. Nilianza na magoti kama ulivyosema, daktari akaacha kuandika akaniangalia. Tunasafiri mwezi ujao. Mama anasoma hapa, anasema ahsante.

MvuviWaKojani, Alhamisi saa 2 usiku

Nimempigia. Aliniuliza siku gani na saa ngapi, nikamsomea kwenye daftari. Akanyamaza kidogo, akasema mchana ule alikuwa amelala na yeye.

Kesho tunaingia giza. Daftari naondoka nalo.